Mshtakiwa Yuko Wodini, Kesi Ni Kesho

Kesi inapoitwa na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akawa hayupo, mahakama haijui kama amelazwa, amesahau tarehe au ametoroka. Inachokiona ni kizimba kitupu. Wakili wa Serikali anaweza kusimama na kuomba hati ya kumkamata, na kama hakuna mtu wa kusema neno kwa niaba yake, mahakama haina sababu ya kulikataa ombi hilo. Wadhamini nao huitwa waje waeleze kwa nini wasilipe fedha waliyoiahidi walipotia sahihi hati ya dhamana. Haya yote yanaweza kumpata mtu ambaye saa hiyo hiyo ametundikiwa dripu na hajui leo ni siku gani.

Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa huambiwa, “Pelekeni barua kwa msajili.” Ushauri huo ni sahihi, lakini ni nusu ya kazi. Familia nyingi hupeleka barua, zikapumua, zikarudi hospitali kumuuguza mtu wao zikiamini kesi imekwisha kusogezwa mbele. Barua haiahirishi kesi. Anayeahirisha ni jaji au hakimu, akiwa amekaa mahakamani, baada ya kusikia upande wa mashtaka na upande wa utetezi. Kazi ya barua ni kuhakikisha kwamba kabla kesi haijaitwa, sababu ya kutokuwepo kwa mshtakiwa imeshaingia ndani ya jalada, na kwamba wale watakaosimama mahakamani kumsemea wana karatasi ya kushika mkononi.

Kwanza tujue anayeandikiwa. Kwa mfumo wa Tanzania Bara, msajili yuko Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Katika kanda za Mahakama Kuu utamkuta Naibu Msajili, ambaye ndiye msimamizi wa masjala, wa hati za wito kwa mashahidi na wa orodha ya mashauri yatakayosikilizwa. Kwenye Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hakuna msajili wa namna hiyo. Huko barua huandikwa kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi wa kituo, na kwenye Mahakama ya Mwanzo kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo. Kosa la cheo pekee halitamfikisha mtu jela, lakini barua iliyoandikwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu ilhali kesi iko wilayani inaweza kuzunguka kwenye ofisi zisizohusika mpaka tarehe ipite. Tazama hati ya wito au hati ya mashtaka. Juu kabisa imeandikwa ni mahakama gani, na chini yake namba ya shauri.

Tuchukue mfano, wa kutunga lakini wenye hatua za kweli. Kijana wa Chunya anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Kosa hilo husikilizwa na Mahakama Kuu, na tofauti na kesi ya mauaji, lina dhamana. Yuko nje, ana wadhamini wawili, kaka yake na mjomba wake, na mahakama imempangia wakili kwa gharama ya Serikali. Shauri lake limepangwa kusikilizwa Jumanne katika kikao cha Mahakama Kuu Mbeya. Mashahidi watatu wa Jamhuri wamekwisha kupata wito. Jumamosi usiku tumbo linambana, anakimbizwa hospitali ya wilaya, na Jumapili anafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kilichopasuka. Zimebaki siku moja na nusu, na kutoka Chunya mjini hadi Mbeya ni mwendo wa kilomita 70 hivi.

Jambo la kwanza la kufanya hapo ni simu kwa wakili, Jumapili hiyo hiyo. Wakili ndiye mwenye sauti mahakamani, ndiye anayejua jaji gani amepangiwa jalada, na anaweza kumjulisha Wakili wa Serikali mapema. Ukweli ambao wengi hawaufikirii ni kwamba mashahidi nao ni watu. Wanatoka vijijini, wanaacha mashamba na biashara, na nauli na posho zao hutoka kwenye fedha za umma. Taarifa ikimfikia Naibu Msajili na upande wa mashtaka kabla mashahidi hawajapanda gari, wanaweza kuzuiwa huko huko waliko. Ikifika wakati wameshaketi kwenye benchi la nje ya mahakama, upande wa mashtaka una haki ya kulalamika, na malalamiko hayo yatamwangukia mgonjwa.

Jambo la pili ni karatasi ya hospitali, na hapa ndipo maombi mengi huvunjikia. Kaka mtu huona amebeba ushahidi wa kutosha: kadi ya hospitali, risiti za dawa, orodha ya vipimo, hata picha ya mgonjwa kitandani aliyoipiga kwa simu. Risiti inathibitisha kwamba dawa zilinunuliwa. Kadi inaonyesha kwamba mtu alipita hospitali siku fulani, na huenda alitibiwa akarudi nyumbani. Picha haina tarehe inayoaminika, na inamvunjia mgonjwa heshima bila kumsaidia. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojibu swali ambalo jaji analo kichwani: je, Jumanne mtu huyu ataweza kufika mahakamani na kufuatilia kesi yake?

Karatasi inayolijibu swali hilo ni barua ya daktari anayemtibu. Iwe kwenye karatasi yenye jina la hospitali, iwe na tarehe, jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, tarehe aliyolazwa na wodi aliyomo. Halafu iseme waziwazi kwamba bado amelazwa, kwamba hali yake haimruhusu kusafiri wala kukaa mahakamani, na kwamba anakadiriwa kuhitaji muda gani kabla hajaweza. Mwishoni yawepo jina la daktari, cheo chake, namba yake ya usajili wa kitaaluma, sahihi na mhuri wa hospitali. Kama jina la mgonjwa kwenye faili la hospitali linatofautiana na la mahakamani, jambo ambalo hutokea sana kwa watu wenye jina la nyumbani na jina la shule, daktari aombwe ataje majina yote mawili. Bila hivyo upande wa mashtaka utauliza kwa haki kabisa: aliyelazwa ni nani?

Hakuna ulazima wa kuanika ugonjwa wenyewe. Katika mfano wetu, kutaja upasuaji wa tumbo hakumdhuru mtu. Lakini yapo maradhi ambayo mtu hataki yasomwe mbele ya ukumbi uliojaa majirani zake. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa amelazwa kwa matibabu yanayohitaji uangalizi wa karibu, akaeleza asivyoweza kusafiri, na akabakia tayari kutoa maelezo zaidi mahakama ikiyahitaji. Kwa maoni yangu sentensi moja ya daktari kuhusu kuweza au kutoweza kufika ina uzito kuliko ukurasa mzima wa majina ya dawa. Ugonjwa wa akili una njia yake tofauti, kwa kuwa hapo mahakama yenyewe hutoa amri ya uchunguzi, na barua ya ahirisho peke yake haitoshi.

Namna ya kuipata barua hiyo ni kumwahi daktari wakati wa kupita wodini asubuhi. Kaka yake kijana wetu amwambie muuguzi wa zamu tangu Jumapili jioni kwamba kesho atahitaji barua ya mahakamani, aonyeshe hati ya wito, na aache nakala yake. Daktari akishaandika, barua hupelekwa ofisi ya Mganga Mfawidhi kugongwa mhuri. Anayefika saa nane mchana akitafuta sahihi anaweza kumkosa daktari, ambaye ama yuko chumba cha upasuaji ama amemaliza zamu.

Wakati mhuri unasubiriwa, mdhamini aandike barua yake. Anayefaa zaidi kuandika ni wakili, na kama yupo na ana nafasi, aachiwe kazi hiyo. Lakini mdhamini naye ana sababu nzuri ya kuandika kwa jina lake: aliahidi kumleta mshtakiwa, na sasa anaieleza mahakama kwa nini Jumanne hatamleta. Iandikwe kwa Kiswahili bila wasiwasi. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na barua fupi iliyonyooka inaeleweka kuliko Kiingereza cha kuazima kwa mtu wa stesheni. Inaweza kuwa hivi:

Jina la mdhamini,
S.L.P. …,
Chunya.
Simu: …
Tarehe: …

Naibu Msajili,
Mahakama Kuu ya Tanzania,
Kanda ya Mbeya.

YAH: OMBI LA KUAHIRISHWA KWA SHAURI LA VIKAO VYA JINAI NA. … LA MWAKA …, JAMHURI DHIDI YA …

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mdhamini wa mshtakiwa katika shauri hili, ambalo limepangwa kusikilizwa Jumanne, tarehe …, mbele ya Mheshimiwa Jaji …

Naomba kuijulisha Mahakama kwamba mshtakiwa alilazwa katika Hospitali ya Wilaya ya Chunya usiku wa Jumamosi, tarehe …, na kufanyiwa upasuaji siku iliyofuata. Mpaka leo bado amelazwa. Barua ya daktari anayemtibu, ya tarehe …, imeambatishwa. Daktari ameeleza kwamba mgonjwa hawezi kusafiri kwa sasa, na anakadiria kwamba ataweza kufika mahakamani baada ya wiki tatu.

Kwa sababu hiyo naomba shauri liahirishwe hadi tarehe nyingine ambayo Mahakama itaona inafaa, baada ya muda huo. Mimi na mdhamini mwenzangu tutafika mahakamani siku ya Jumanne, na tunaendelea kuwajibika kumleta mshtakiwa katika tarehe itakayopangwa.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
Jina la mdhamini

Nakala: Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Mbeya, Wakili wa mshtakiwa.

Barua hiyo ni fupi kwa makusudi. Haielezi kwamba mshtakiwa ni mtu mwema, haisemi kwamba amesingiziwa, haimlalamikii mpelelezi. Mambo ya ndani ya kesi hayana nafasi humo, na mengine yanaweza kumgeukia mshtakiwa mwenyewe, kwa sababu kilichoingia ndani ya jalada kinaweza kusomwa na kila upande. Ndugu mwenye uchungu anaweza kuandika, “Tangu lile tukio lililotokea mdogo wangu hana raha,” akidhani anaomba huruma, kumbe amegusa jambo ambalo bado linabishaniwa.

Kinachoipa nguvu ni namba ya shauri iliyo sahihi, tarehe ya kusikilizwa, ukweli mmoja wa hospitali wenye ushahidi nyuma yake, muda uliokadiriwa na daktari, na ahadi ya wadhamini kufika. Muda ni muhimu kuutaja. Anayeomba kesi iahirishwe “mpaka atakapopona” anaiomba mahakama ifunge jalada bila kujua lini italifungua. Kwenye mahakama za chini jambo hili lina mpaka wake kisheria: ahirisho moja kwa kawaida halizidi siku 30 kwa mshtakiwa aliye nje, na siku 15 kwa aliye mahabusu. Hivyo kama daktari amesema miezi mitatu, si busara kuomba miezi mitatu kwa mkupuo. Kesi itapangwa kutajwa ndani ya muda unaoruhusiwa, wadhamini watafika, na watakuja na barua mpya ya hospitali inayoeleza hali ilivyo siku hiyo.

Jumatatu mchana kaka mtu anafika Mbeya na nakala nne. Moja inabaki masjala ya Mahakama Kuu. Ya pili anaomba igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hii haiachi mahali popote, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake kwamba taarifa ilitolewa kabla ya siku ya kesi. Ya tatu anaipeleka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliko meza ya Wakili wa Serikali anayeendesha shauri. Ya nne ni ya wakili wa utetezi. Masjala asiishie kukabidhi na kuondoka. Aulize kwa adabu jalada liko wapi na kama barua itaingizwa humo leo, kwa sababu kesi ya kesho jalada lake huenda limekwisha kupelekwa kwa jaji, na barua iliyobaki kwenye trei ya masjala haitamsaidia mtu saa tatu asubuhi.

Jumanne wadhamini wote wawili wanafika mapema, wamevaa kwa heshima, na wanakaa ndani ya ukumbi. Jina likiitwa, wanasimama na kujitambulisha. Wakili wa utetezi anaeleza kwamba mteja wake amelazwa, anaonyesha barua ya daktari na ile yenye mhuri wa masjala, na anaomba ahirisho. Wakili wa Serikali anaweza kusema hana pingamizi. Anaweza pia kuomba muda wa kuthibitisha hospitalini, na hilo lisimtishe mwenye ukweli. Jaji akiridhika ataandika amri: shauri limeahirishwa hadi tarehe fulani, dhamana inaendelea, wadhamini wamleta mshtakiwa siku hiyo. Maneno “dhamana inaendelea” wadhamini wayasikilize vizuri, na kama hayakutamkwa, wamwombe wakili aulize kabla hawajatoka. Waandike tarehe papo hapo. Kwa Mahakama Kuu, kesi iliyokosa nafasi katika kikao hiki inaweza kusubiri kikao kingine, hivyo ugonjwa wa wiki tatu unaweza kuisogeza kesi kwa miezi. Mshtakiwa aliye nje anaweza kuvumilia hilo, lakini familia ya marehemu nayo inasubiri, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoomba muda mrefu kuliko ule ambao daktari ameuandika.

Na kama taarifa ilichelewa, hati ya kukamatwa ikatoka? Hapo familia nyingi hufanya kosa baya kuliko la kwanza, la kumficha mgonjwa au kumhamisha hospitali. Kujificha ndiko kunakomgeuza mgonjwa kuwa mtoro. Kinachotakiwa ni wadhamini na wakili kurudi mahakama ile ile haraka iwezekanavyo, wakiwa na barua ya daktari inayoonyesha kwamba siku ya kesi alikuwa amelazwa, na kuomba hati iondolewe na dhamana irudishwe. Polisi wakifika wodini kabla ya hapo, waonyeshwe karatasi na waelekezwe kwa daktari. Hati ikishatoka polisi wana mamlaka ya kuitekeleza, na barua ya mdhamini haiwezi kuizuia. Ni amri ya mahakama tu inayoiondoa.

Kwa mshtakiwa aliye mahabusu mzigo huu si wa familia. Gereza ndilo linalomleta, na askari magereza ndiye anayeieleza mahakama kwamba leo hakuletwa kwa sababu ni mgonjwa. Ndugu wanaweza kufuatilia kwa wakili wahakikishe kwamba taarifa hiyo imeandikwa kwenye jalada na tarehe mpya imepangwa.

Limebaki jambo ambalo sipendi kulisema lakini linatendeka: barua za hospitali za kununua. Zipo, na mahakama inajua kwamba zipo. Ndiyo sababu barua isiyo na wodi, isiyo na jina la daktari linalosomeka, au iliyoandikwa siku moja baada ya tarehe ya kesi, hutiliwa shaka mara moja. Kuthibitisha ni kazi ndogo: mpelelezi anakwenda kwa Mganga Mfawidhi na kuomba daftari la waliolazwa. Jina lisipokuwemo, ahirisho linakwisha, dhamana inafutwa, na kuna shtaka jipya la kughushi, ambalo adhabu yake ya kawaida katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inafika kifungo cha miaka 7. Mdhamini aliyeiwasilisha akijua ni ya uongo ataingia humo pamoja na mshtakiwa. Zaidi ya hapo, kila karatasi ya uongo inayokamatwa inamfanya mgonjwa wa kweli wa mwezi ujao aombwe uthibitisho wa ziada huku akiwa na nyuzi za upasuaji tumboni.

Kijana wetu akiruhusiwa, apewe karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali na aitunze na hati yake ya wito. Tarehe mpya ikifika, aende mwenyewe, hata kama anatembea polepole, na aikabidhi kwa wakili wake kabla kesi haijaitwa. Kama bado hawezi, wadhamini warudi kwa daktari siku kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia kesi, na waandike barua nyingine. Barua ya kwanza haifanyi kazi mara mbili.